Kilo za Maji, Kilo za Nyama

Mtu mwenye ini lililosinyaa anaweza kupanda mizani akaonekana ameongezeka wiki ileile ambayo misuli yake imepungua. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, na mizani inajumlisha vyote pamoja, maji na nyama. Ndugu wakiona tumbo kubwa husema mgonjwa ana mwili. Kumbe ukimgusa begani unakuta mfupa.

Ini hufikia hali hiyo baada ya kujeruhiwa kwa miaka mingi. Huenda ni kwa homa ya ini ya virusi, kwa pombe, au kwa mafuta yaliyojikusanya ndani yake. Kila jeraha huacha kovu, na makovu yakishatapakaa ini huwa gumu, damu hupita kwa shida, na maji huanza kujaa tumboni. Kovu halifutwi kwa chakula. Chakula kinaokoa kitu kingine, nacho ni msuli, na mgonjwa wa ini anapopoteza msuli huwa karibu zaidi na kulazwa, kuambukizwa na kufa.

Tumchukue mgonjwa wa mfano. Si mtu halisi, lakini mambo yake yote ni ya kawaida kliniki. Ni fundi seremala wa Tanga, miaka 54, mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B alivyoishi navyo bila kujua. Amekuja na mkewe na binti yao. Urefu wake ni sentimita 170, mizani inasoma kilo 68, na yeye mwenyewe anasema siku zote alikuwa na kilo 70. Kwa hesabu ya haraka amepungua kilo mbili tu, na kwa urefu ule uzito wake unaonekana wa kawaida kabisa. Wengi wangeandika hivyo kwenye faili na kumwita anayefuata.

Mtaalamu wa lishe haandiki hivyo. Kwanza anayatoa maji kwenye hesabu. Kanuni inayotumika sana ni kupunguza asilimia 5 ya uzito kama maji tumboni ni kidogo, asilimia 10 kama ni ya wastani, na asilimia 15 kama tumbo limejaa hadi kukaza. Miguu yote miwili ikiwa imevimba, unaongeza asilimia 5 nyingine. Fundi wetu ana maji ya wastani na miguu imevimba, kwa hiyo jumla ni asilimia 15. Kilo 68 zinabaki kama 58. Hii ni hesabu ya kukadiria, na wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kilo mbili tatu. Hata hivyo inatoa picha nyingine kabisa, kwa kuwa mtu aliyedhaniwa kapoteza kilo 2 amepoteza kama 12, na pengo limezibwa na maji. Kama kuna uzito uliopimwa mara baada ya kutolewa maji tumboni kwa sindano, huo ni bora kuliko kukisia.

Kisha anapima mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe. Mkono hauvimbi maji kirahisi kama miguu, kwa hiyo unasema ukweli zaidi kuliko mizani. Hospitali yenye kifaa cha kupima nguvu ya kiganja hukitumia pia, maana msuli hulegea kabla haujaonekana kupungua. Pasipo na kifaa, kiti cha kawaida kinatosha. Mgonjwa anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa mara tano, huku saa ikihesabu. Ikipita sekunde 15, miguu imeshadhoofika. Fundi anatumia sekunde 21, na mara ya nne anajaribu kujisukuma kwa mkono.

Kipimo cha albumini cha damu, ambacho watu hupenda kukitaja, hakisaidii sana hapa. Albumini hutengenezwa na ini lenyewe. Ini likiwa gonjwa albumini hushuka hata mtu akila vizuri, na kuichukua kama kipimo cha lishe ni kumlaumu mpishi kwa kosa lisilo lake.

Sasa yanakuja maswali ya chakula, na hapa mtaalamu hodari hujulikana. Haulizi, "Unakula vizuri?" maana jibu litakuwa ndiyo. Anauliza jana ilikwendaje, kuanzia alipoamka mpaka alipolala, kila kilichoingia mdomoni na kwa kiasi gani, kikombe kipi, sahani ipi. Na anamgeukia anayepika.

"Mama, jana baba alianza na nini?"

Saa moja asubuhi strungi yenye sukari na vipande viwili vya mkate. Saa nane mchana ugali, nusu ya ule aliokuwa akila zamani, kwa mchicha. Ndizi mbivu moja. Saa kumi na mbili na nusu jioni kikombe cha uji wa sukari na bakuli la supu nyepesi ya mboga. Baada ya hapo alilala. Binti anaongeza, kwa sauti ya mtu anayetarajia kusifiwa: "Samaki na maharage tumemkatisha kabisa, dokta. Tuliambiwa vinapandisha sumu kichwani."

Mtaalamu anajumlisha kwenye karatasi. Protini ni kama gramu 20, na nishati ni kama kilokalori 900. Kwa mgonjwa wa ini asiye mnene, miongozo ya chama cha Ulaya cha wataalamu wa ini, iliyotolewa mwaka 2019, inataka kilokalori zisizopungua 35 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kilo. Kilo zinazotumika ni zile 58 zisizo na maji. Hivyo fundi anahitaji angalau kilokalori 2,030 na protini gramu 70 hadi 87. Nishati anayopata haifiki nusu, na protini haifiki hata theluthi. Familia inayompenda imekuwa ikimlaza njaa kwa miezi.

Hofu ya protini haikuanzia Tanga. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 madaktari wenyewe waliwapunguzia protini wagonjwa wa ini waliochanganyikiwa, na kwa nje sababu ilikuwa na mantiki. Protini ikivunjwa hutoa amonia, ini bovu hushindwa kuisafisha, nayo ikifika kwenye ubongo mtu huanza kusinzia mchana, kukesha usiku, kusahau majina, na mikono kupepesuka akiinyoosha. Kilichosahaulika ni kwamba ini haliko peke yake katika kusafisha amonia. Msuli nao huichukua na kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara. Ukimnyima mgonjwa protini, mwili unavunja msuli ili kuipata, na kuvunja huko nako hutoa amonia. Unakuwa umeongeza sumu na kupunguza msafishaji kwa pamoja.

Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha jaribio walilofanya kwa wagonjwa waliolazwa wakiwa wamechanganyikiwa. Baadhi walianzishiwa protini kidogo sana, wengine walipewa kiwango cha kawaida tangu mwanzo. Waliopunguziwa hawakupata nafuu haraka zaidi. Badala yake miili yao ilionekana kuvunja protini yake kwa wingi zaidi. Tangu hapo ushauri wa kukata protini umekosa mguu wa kusimamia, ingawa mitaani bado unatembea.

Mgonjwa wa ini anapochanganyikiwa, kinachotafutwa kwanza si samaki wa jana. Anaulizwa kama amepata choo, maana kufunga choo hurundika amonia. Anapimwa homa na maambukizi ya maji ya tumboni, anaangaliwa kama anapoteza damu kwa ndani, na dozi ya dawa za kukojoza inakaguliwa kama imezidi. Dawa ya laktulosi hutolewa ili apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Wachache ambao nyama kweli inawasumbua hubadilishiwa aina ya protini, wakahamia kwenye maziwa, maharage, choroko na kunde, vyakula ambavyo wagonjwa wengi huvimudu vizuri zaidi. Kiasi chenyewe hakiguswi.

Kwa fundi, gramu 70 zinapatikana bila kununua unga wa kopo. Mayai mawili yana kama gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, vikombe viwili vya maziwa 16, kiganja cha dagaa wakavu chenye uzito wa gramu 25 kina kama 14, na konzi ya karanga 7. Hapo tumeshafika 64, na ugali, wali na viazi vya siku nzima vitaleta nyingine kama 15. Karanga ziwe zimechambuliwa. Yenye ukungu au iliyosinyaa hutupwa, kwa sababu sumukuvu hushambulia ini moja kwa moja.

Ugumu uko kwenye nafasi. Tumbo lililojaa maji linalibana lile la chakula, na mgonjwa anashiba kwa vijiko vichache. Mkewe akimwekea sahani ya zamani, ataitazama tu. Kwa hiyo chakula kinagawanywa mara tano au sita, kidogo kidogo, na supu nyepesi na chai havitangulii, maana vinajaza tumbo bila kulisha. Uji unapikwa kwa maziwa badala ya maji matupu. Mchicha unapata tui la nazi au mafuta. Bakuli ni lilelile, lakini limebeba mara mbili.

Mlo ambao familia nyingi hazijawahi kuusikia ni ule wa mwisho, kabla ya kulala.

Ini zima ni ghala. Mchana linaweka akiba ya sukari, na usiku mtu akiwa amelala linaitoa polepole ili ubongo na viungo vingine vipate nishati hadi asubuhi. Ini lenye makovu lina ghala dogo mno. Saa chache baada ya chakula cha jioni akiba imekwisha, na mwili unaanza kuvunja msuli ili kutengeneza sukari. Watafiti walipopima miili ya wagonjwa hawa asubuhi, baada ya usiku mmoja tu, walikuta hali ambayo mtu mzima wa afya huifikia akikaa siku mbili hadi tatu bila kula. Sasa rudi kwenye ratiba ya fundi. Uji saa kumi na mbili na nusu jioni, strungi saa moja asubuhi. Ni saa kumi na mbili na nusu bila kitu, kila usiku, miezi yote hiyo.

Jaribio ninalolikumbuka sana kuhusu jambo hili lilifanyika Auckland, Nyuzilandi, likachapishwa mwaka 2008. Wagonjwa wote walipewa nyongeza ileile ya lishe, kilokalori 710 na protini gramu 26 kwa siku, kwa mwaka mzima. Tofauti ilikuwa saa ya kuinywa tu. Nusu waliinywa mchana na nusu usiku. Wale wa usiku waliongeza protini ya mwili inayolingana na kama kilo mbili za nyama, ilhali wale wa mchana hawakupata faida hiyo. Chakula kilekile, saa tofauti, matokeo tofauti. Sijui ushauri mwingine wa lishe ulio rahisi hivi kwa ugonjwa mzito kama huu.

Nyumbani mlo huo huliwa kati ya saa tatu na saa tano usiku, karibu kabisa na kulala. Uwe na wanga wa kutosha, kama gramu 50, pamoja na protini kiasi. Kiazi kitamu kikubwa na glasi ya mtindi vinafaa. Chapati na maziwa, au uji mzito wa maziwa na karanga za kusaga, navyo vinafaa. Chungwa peke yake halitoshi. Na mlo huu usiwe chakula cha jioni kilichosogezwa mbele. Fundi ale saa moja, kisha ale tena saa nne. Mkewe anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama kula usiku hakutamletea sukari. Kama tayari ana kisukari, daktari hupanga dawa zifuate mlo huo. Mlo hauondolewi.

Asubuhi nayo ina hila yake. Akiamka saa kumi na moja, asisubiri chai ya saa mbili. Kipande cha kiazi mara akiamka kinakata njaa mapema.

Tumefika kwenye chumvi, na hapa familia nyingi hujiona zimefaulu. "Chumvi mezani hatuweki kabisa," anasema binti. Mtaalamu anamwuliza supu ilikolezwa na nini. Ilikolezwa kwa kile kipande cha mraba cha kiungo cha dukani, kizima kimoja, katika sufuria ya baba peke yake. Kipande kama hicho huweza kubeba chumvi ya gramu 2 na zaidi. Vipande viwili vya mkate vina karibu gramu 1. Na tumbo linapojaa, baba hutumia nini? Ile poda ya gesi inayotoa mapovu kwenye maji, mara mbili kwa siku. Haina ladha ya chumvi, lakini imetengenezwa kwa sodiamu, na pakiti moja inaweza kulingana na gramu 2 za chumvi. Jumla imekaribia gramu 7, na kijiko cha chumvi hakijaguswa.

Kiwango kinacholengwa kwa mwenye maji tumboni ni gramu 4.6 hadi 6.9 za chumvi kwa siku, pamoja na iliyomo ndani ya vyakula. Sababu yake unaweza kuifanyia hesabu. Kila lita ya maji yale ya tumboni imebeba sodiamu inayolingana na karibu gramu 8 za chumvi. Ini linapougua, figo huacha kuitoa sodiamu, na kila inayobaki hushika maji. Akizidisha gramu 4 kila siku, zikabaki zote mwilini, siku ya pili ana lita moja mpya. Dawa za kukojoza, spironolaktoni na furosemidi, zinasukuma nje kile ambacho jiko linaingiza. Mgonjwa anayepandishiwa dozi mara kwa mara bila kukojoa vya kutosha, jiko lake likaguliwe kabla ya dozi kupandishwa tena.

Kwa Tanga kuna la ziada. Papa mkavu na ng'onda ni chumvi tupu, hilo kila mtu analijua. Dagaa wa Pwani hawajulikani hivyo. Wengi wao huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, wakati dagaa wa Ziwa Viktoria kwa kawaida huanikwa juani bila chumvi. Ukiwa na hao wa Pwani, waloweke, mwaga maji, waloweke tena. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu. Maharage yakilowekwa usiku kucha yanaiva bila magadi.

Mtaalamu hakumwambia mkewe aondoe chumvi yote, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoonyesha ujuzi wake. Chakula kisicho na ladha hurudi jikoni, na mgonjwa aliyekula nusu ya maharage amepoteza protini aliyohitaji. Alimpimia chumvi ya siku, nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 3, ndani ya kikaratasi. Inanyunyizwa juu ya chakula sahanini, maana chumvi iliyo juu ulimi huihisi zaidi kuliko iliyozama mchuzini. Ladha nyingine inatoka kwenye ndimu, ukwaju, embe mbichi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na tui. Kama hata hivyo hamu ya kula inashuka, chumvi inalegezwa kidogo na daktari anaangalia njia nyingine ya kutoa maji. Kati ya mgonjwa mwenye maji kidogo zaidi na mgonjwa mwenye njaa, wa pili yuko hatarini zaidi.

Chumvi za dukani zinazouzwa kuwa hazina sodiamu asizinunue. Nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na spironolaktoni inaizuia potasiamu isitoke mwilini. Ikipanda sana, moyo hupoteza mapigo.

Wiki kadhaa baadaye fundi anarudi, na mkewe ana wasiwasi. Mizani inasoma kilo 62. "Anakonda, dokta, na tunamlisha usiku na mchana." Miguu haijavimba tena na tumbo limelegea. Utepe wa mkono umeongezeka sentimita moja, na kwenye kiti ametumia sekunde 16 bila kujisukuma. Zilizoondoka ni kilo za maji, na nyama imeanza kurudi. Hata kasi ya kupungua ina mipaka yake. Mwenye miguu iliyovimba anaweza kupungua hadi kilo moja kwa siku akiwa kwenye dawa za kukojoza, lakini uvimbe wa miguu ukishaisha, kilo nusu kwa siku inatosha. Akipungua zaidi ya hapo figo huumia. Ndiyo maana anajipima kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kula, na kuandika.

Swali la mwisho analiuliza fundi mwenyewe: Ramadhani inakaribia, je, afunge? Kwa mwambao wetu, toka daku hadi futari ni saa kama kumi na tatu na nusu, bila chakula wala maji, kwa mtu ambaye akiba yake inakwisha kwa saa chache na ambaye anameza dawa za kukojoza. Daktari anamwambia asifunge. Mwenye ini lililosinyaa ambalo bado halijaleta maji, manjano wala kuchanganyikiwa anaweza kujadiliana na daktari wake, lakini fundi hayuko huko tena. Fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku anaijua, na shehe wa mtaani kwao atamwelekeza kiasi chake. Mlo wa saa nne usiku unaendelea vilevile.